Sura ya Saba: Picha Zitanguliazo Sikukuu

Bukoto ni mtaa ulioko katika tarafa ya Nakawa, kaskazini-mashariki ya kitovu cha jiji la Kampala, umepakana na Kamwokya, Naguru, Ntinda na Kisaasi, nao una sifa moja ambayo mwenye kutaka kufahamu habari za sura hii hana budi kuijua kwanza, nayo ni kwamba ni mtaa wa wapangaji. Katika nyumba zake za ghorofa, na katika vyumba vilivyojengwa nyuma ya nyumba hizo, huishi vijana wengi waliokwisha kumaliza masomo na kupata kazi zao za awali, wanaolipa kodi kwa jasho lao, wanaonunua gesi na kitanda kwa hiari yao, na ambao kwa muda wa miezi kumi na moja hakuna mtu anayewauliza walirudi saa ngapi wala walikuwa na nani. Mwezi wa kumi na mbili unapoingia, uhuru huo hukaribia ukomo wake wa mwaka, kwani mji humwaga watu wake vijijini, mabasi ya Masaka na Mbarara hujaa na nauli hupanda, na kila mpangaji wa Bukoto hurudi kuwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, wa ukoo fulani.

Kabla mabasi hayajaondoka, picha huwa zimekwisha kuanza safari. Nasema juu ya zile picha za mzaha zenye maneno machache juu yake au chini yake, ambazo vijana huziita mimu, na ambazo katika juma la mwisho kabla ya Krismasi, kadhalika kabla ya Idi, kabla ya Pasaka, na kabla ya ile shughuli ya Waganda ya kuhitimisha msiba na kumtawaza mrithi, hugeuka zote zikaelekea upande mmoja. Moja humwonyesha mtu amejificha nyuma ya mlango, na maneno yake yanasema kwamba shangazi amefika. Nyingine ni sura ya mtu anayetafuna chakula huku macho yameganda, na maneno yanasema kwamba hivi ndivyo awavyo mtu akisikia jina lake likitajwa upande wa wazee. Jambo lenyewe halisemwi kwa urefu, kwa kuwa halihitaji urefu. Kila atazamaye amekwisha kulisikia swali hilo kwa masikio yake, nalo ni: utaolewa lini, au, kwa mwanamume, utaoa lini?

Wala Bukoto haiko peke yake katika jambo hili. Nchini Indonesia swali hilo hilo huwakabili vijana kila mwaka wanaporejea kwao kwa Idi, na limezoeleka hata likawa jina la filamu mwaka 2015. Lakini kila mahali swali huingia kwa mlango wake, na mlango wa Buganda una umbo lake maalumu, ambalo nitalieleza baada ya kuzitazama picha zenyewe kwa karibu zaidi.

Miongoni mwa sura zilizopendwa sana katika picha hizi ni ya Osita Iheme, mwigizaji wa Nigeria ambaye mwaka 2002, yeye na mwenzake Chinedu Ikedieze, walipata umaarufu mkubwa kwa filamu ya Aki na Ukwa. Walicheza nafasi ya watoto watundu, ilhali walikuwa watu wazima, kwa sababu miili yao ilikuwa midogo. Filamu zao zilitazamwa mno Afrika Mashariki, na miaka mingi baadaye vipande vyake vilikatwa vikawa picha za mzaha zilizozagaa dunia nzima. Wengi hudhani kwamba sura ile hupendwa kwa sababu inachekesha tu, nami naamini kuna sababu ya ndani zaidi. Mtu mzima aliyevishwa kaptura akaambiwa awe mtoto, na uso wake ukabaki na fikira na uchovu wa mtu mzima, ndiye hasa msichana wa miaka ishirini na tisa mwenye kazi na kodi na madeni, anapoketishwa mkekani pamoja na wadogo zake wa shule kwa kuwa hana mume. Haikuhitajika mtu kulifafanua jambo hili. Jicho lililichagua lenyewe.

Aina nyingine ya mimu ambayo napenda kuitaja ni ile ya orodha ya bei. Huandikwa mithili ya tangazo la dukani: kuuliza habari za kazi, bei kadha, kuuliza mbona umenenepa, bei kadha, na swali la ndoa huwekwa mwisho, nalo bei yake hupita zote, pamoja na agizo kwamba fedha zitumwe kwa simu kabla swali halijaulizwa. Ili orodha hii ieleweke, yapasa kujua kwamba mfanyakazi wa Bukoto ambaye hajaoa wala kuolewa ndiye aghalabu anayetumiwa ujumbe kila jamaa wanapopungukiwa karo ya shule au dawa ya mgonjwa, maana hudhaniwa hana mzigo wa nyumba yake. Yeye hutuma fedha kwa watu wale wale watakaomuuliza. Orodha ya bei inaupindua mkondo huo wa fedha kwa siku moja, na ndipo ilipo nguvu yake.

Sasa na tuingie kwenye mlango wenyewe. Katika adabu ya Kiganda msichana humsalimu mkubwa wake akiwa amepiga magoti, na salamu yenyewe ni ndefu, yenda na kurudi: namna ulivyoshinda, pole na kazi, kisha huja kuulizwa hali ya watu wa nyumbani kwako. Kwa mwenye mume na watoto, sehemu hii ya salamu ni nyepesi, hujibiwa kwamba wapo, hawajambo, na mambo huendelea. Kwa anayekaa peke yake katika chumba cha Bukoto, hapo ndipo salamu inapokwama, kwa kuwa hana watu wa nyumbani wa kuwasemea, na ule ukimya mdogo unaofuata humpa mwulizaji nafasi ya kusema lile alilolibeba tangu mwaka jana. Itazameni na hali ya mwili. Swali linamjia akiwa magotini, macho chini, mbele ya hadhara, katika hali ambayo heshima haimruhusu kujibu zaidi ya tabasamu, au inshaallah kwa Mwislamu. Maneno yote ambayo angependa kuyasema hurudi kifuani, na ni haya ambayo kabla ya safari au baada yake hugeuka kuwa picha.

Haifai hata hivyo kumhukumu mwulizaji kabla ya kujua haki yake, kwa maana haki anayo. Senga, yaani dada wa baba, katika desturi ya Buganda si shangazi wa kuletewa zawadi tu. Yeye ndiye mwalimu wa binti wa kaka yake katika mambo ya unyumba, na ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba kuna mwanamume, kwa kuwa binti hamwendei baba yake moja kwa moja na habari ya namna hiyo. Mchumba hufanya kwanza ziara ndogo kwa senga, ambayo huitwa kukyala, ndipo senga huipeleka habari kwa baba, barua ikaandikwa na siku ikapangwa. Siku ya kwanjula, ambayo ni utambulisho rasmi wa bwana harusi kwa wakwe, wasemaji wa pande mbili hukabiliana kwa ufasaha mbele ya wageni waliovaa kanzu na gomesi, nasaba na koo hutajwa ili ithibiti kwamba wawili hao si wa ukoo mmoja, na senga ndiye anayepita kati ya wageni kumtafuta bwana harusi aliyeketi kimya na kumtambulisha kwa watu. Profesa Sylvia Tamale wa Chuo Kikuu cha Makerere aliandika mwaka 2005 juu ya cheo hiki cha senga, akionyesha namna kilivyoendelea kuishi mjini, hata wakapatikana masenga wa kulipwa ambao si dada wa baba wa mtu yeyote.

Basi senga anapouliza, anauliza habari za kazi yake mwenyewe. Tena huuliza kwa kipimo cha maisha yake. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, katika wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 25 hadi 49, nusu yao walikuwa wameingia katika ndoa kabla ya kutimiza miaka kumi na tisa. Mwanamke aliyekuwa na watoto watatu alipofikia umri wa binti aliye mbele yake hawezi kuuona umri huo bila hofu, na hofu hiyo ni ya mapenzi. Kilichoharibika, kwa maoni yangu, ni mahali pa kuulizia. Desturi ilimpa senga chumba, muda na siri: alimwita binti kando, wakazungumza wawili, na binti aliweza kusema kwamba kuna mtu, au hakuna, au kulikuwa na mtu akamkimbia, na maneno hayo hayakutoka pale. Leo binti anafika kijijini jioni ya mkesha na kuondoka baada ya siku mbili tatu. Chumba hakipatikani, muda hautoshi, na swali lililokusudiwa kuulizwa faraghani humwagwa sebuleni mbele ya wajomba, wake za wajomba, majirani na watoto. Huyo aliyeuliza kwa haki amefuatwa na wasiokuwa na haki, kwa kuwa likisha kutamkwa hadharani swali huwa mali ya kila mtu.

Na jibu lenyewe, hata lingeruhusiwa, lingekuwa refu. Harusi ya mjini Uganda kwa kawaida haianzi kwa mapenzi peke yake, huanza kwa kamati. Mwenye kuoa huwaalika marafiki, wafanyakazi wenzake na jamaa kwenye mikutano ya harusi, inayofanyika kila juma kwa miezi kadhaa katika bustani ya hoteli au baa, ikiwa na mwenyekiti na mweka hazina, na kila mhudhuriaji hutoa ahadi ya fedha inayoandikwa na kudaiwa. Kabla ya hapo kuna kwanjula yenyewe, pamoja na gomesi za mama na masenga, kanzu za baba na ndugu, sukari, nyama, mahari, na yule jogoo asiyekosekana ambaye ni haki ya ndugu wa kiume wa binti. Mwezi Agosti mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, lakini haikuiondoa mahari yenyewe, na gharama za sherehe haikuzigusa. Kijana wa Bukoto ambaye jioni za Alhamisi huhudhuria mikutano ya wenzake na kutoa ahadi zisizokwisha anajua hesabu ya jambo hili kuliko wanaomuuliza. Ndiyo maana iko mimu inayowaalika wote wauliza swali wahudhurie mkutano wa kwanza, kila mtu na ahadi yake mkononi.

Yafaa sasa tuifuate picha moja njiani. Tumdhanie binti wa miaka ishirini na minane, mpangaji wa Bukoto, mhasibu katika ofisi ya watu, ambaye jioni moja kabla ya sikukuu anaiona orodha ya bei kwenye stetasi ya rafiki yake katika WhatsApp. Hapo ndipo mahali pake pa kawaida, maana Facebook ilifungwa nchini Uganda Januari 2021 karibu na uchaguzi mkuu, na wengi wakabaki na mitandao mingine. Stetasi hudumu saa ishirini na nne kisha hutoweka, jambo linaloifaa sana picha ya namna hii, ambayo haikukusudiwa kumfuata mtu mpaka mwakani. Binti haombi picha itumwe. Anapiga skrinshoti ya kioo cha simu yake, anakata kingo na kuiweka kwenye stetasi yake. Kila afanyapo mtu hivyo, programu huibana picha upya ili iwe nyepesi, na ukali wa herufi hupungua kidogo. Baada ya mikono mingi maneno huwa na ukungu na rangi hufifia. Picha iliyotumwa kwa kupelekwa mbele ndani ya programu haibanwi upya namna hiyo, bali hubeba alama ya kuonyesha kwamba imepelekwa mbele. Kwa hiyo mwenye jicho huweza kujua: picha yenye ukungu imepita kwenye stetasi nyingi, imechukuliwa na watu mmoja mmoja waliojiona ndani yake.

Kabla ya kuiweka, binti huyu anaingia penye mipangilio ya faragha na kuchagua maneno haya, ambayo husomeka kwenye kioo hivi: `My contacts except...`, yaani wote waonyeshwe isipokuwa hawa. Anawatia alama senga zake, mama yake, ami yake wa Masaka na mke wa ami. Anaridhika, anaweka picha, na kwa saa mbili anafurahia vicheko vya wenzake. Lakini mpangilio huo hufuata namba, haufuati nasaba. Senga, kama watu wengi wa Uganda, ana laini mbili za kampuni mbili, na ile ya pili binti aliihifadhi mwezi wa nane alipotakiwa kumtumia fedha za dawa. Namba hiyo imo katika orodha ya majina yake, lakini haimo katika orodha ya waliozuiwa. Ikiwa senga anaitumia WhatsApp kwa laini hiyo, naye amehifadhi namba ya mpwa wake, atayaona yote. Binti hutazama majina ya walioiona picha, asimwone senga, akatulia. Kumbe aliyezima alama za kusoma ujumbe huona stetasi za watu bighairi ya jina lake kuorodheshwa. Salama zaidi ingekuwa kuchagua `Only share with...` na kutaja watakaoona, kwa sababu hapo namba mpya haiingii mpaka itiwe kwa mkono. Na hata hilo halimzuii binamu mwenye simu kupiga skrinshoti na kuipeleka kwenye kikundi cha ukoo, ambapo fedheha nyingi za namna hii huanzia.

Sasa nitasema lile lililonifanya niiandike sura hii. Mwambao wa Waswahili unayo njia ya zamani ya kumwambia mkubwa au jirani neno lisilosemeka, nayo ni kanga. Mwanamke hununua kanga yenye jina linalomfaa, huivaa akapita mbele ya mlengwa, na maneno husomwa bila mdomo kufunguliwa; akiulizwa, atajibu kwamba amevaa nguo aliyoikuta dukani. Mimu ya Bukoto inafanana na kanga kwa sifa mbili: maneno si ya mwenye kuyaonyesha, na kwa hiyo anaweza kuyakana. Inatofautiana nayo kwa sifa ya tatu, nayo ndiyo kubwa. Kanga huvaliwa ili ionwe na anayelengwa, ilhali mimu hufichwa asiione. Wote huiona, isipokuwa mtu mmoja aliyepaswa kujua kwamba swali lake linaumiza. Kijana huenda kijijini akiwa amepozwa na vicheko vya wenzake mia, na senga hulala usiku huo akiwa hajui lolote, hata mwaka ujao akauliza tena kwa moyo ule ule mweupe. Faraja ni ya kweli, siidharau, kwani mtu aliyedhani kwamba aibu hii ni yake peke yake hugundua kwamba imeenea mtaa mzima. Lakini ninasikitika ninapoona werevu mwingi namna hii, na ufasaha mwingi namna hii, ukizunguka kwa wasiohitaji kuusikia, na ningependa binti mmoja au wawili wamwondoe senga kwenye orodha ya waliozuiwa, kwa kuchagua picha yenye staha, wakaone litakalotokea. Masenga walilelewa katika jamii ya mafumbo. Kusoma picha hakuwashindi.

Lipo jambo la mwisho ambalo picha zenyewe zinalifundisha kwa kutolitaja. Shangazi wamo, ami wamo, mke wa mjomba yumo, jirani wa kanisani yumo. Bibi mzaa baba au mzaa mama ni nadra sana kumkuta, ijapokuwa yeye ndiye mkubwa kuliko wote, na swali la ndoa huliuliza mara nyingi kuliko wote. Sababu yake ni utani. Mwaka 1940 mwanazuoni Radcliffe-Brown alitoa makala mashuhuri juu ya uhusiano wa utani, akieleza jinsi watu wawili wanavyoruhusiwa na desturi kutaniana bila mmoja kukasirika, na katika makabila mengi ya Afrika Mashariki babu na bibi wamo katika uhusiano huo pamoja na wajukuu wao, hata bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake. Kwa bibi, anayeulizwa anayo haki ya kujibu, tena kwa maneno makali kuliko ya picha yoyote, mbele ya watu wote, na watu wakacheka upande wake. Kijana wa Bukoto aliyeinama kimya mbele ya ami yake kwa saa nzima husogea kwenye kiti cha bibi, naye bibi, pasipo kungoja salamu imalizike, humuuliza ni lini atamletea mke mwenza, na kijana humjibu pale pale kwamba wanawake wote wa Kampala wamekwisha kusikia sifa za wivu wake, na hakuna hata mmoja anayethubutu kupanda basi.